Oda 12 jana, oda 6 leo: namna ya kujua siku isiyo ya kawaida

Chukua duka la mfano: linauza taa za sola na betri katika komuni ya Kampemba, Lubumbashi, na mwenye duka analipia matangazo ya Facebook dola 20 kwa siku. Mteja anabonyeza tangazo, WhatsApp inafunguka, wanaelewana bei, oda inaandikwa kwenye daftari na mzigo unaondoka kwa pikipiki. Jumatatu daftari lina oda 12. Jumanne lina oda 6. Jioni hiyohiyo mama mwenye duka anampigia kijana anayemsimamia matangazo: "Papa, jana komande kumi na mbili, leo sita! Tumeanguka nusu. Badilisha ile picha."

Hajakosea hesabu, sita ni nusu ya kumi na mbili. Lakini kuilinganisha leo na jana hakumwambii anachotaka kujua, kwa sababu jana nayo ilikuwa inayumba. Anachohitaji ni kujua duka lake huyumba kiasi gani pale ambapo hakuna kilichobadilika: tangazo lilelile, bei ileile, mtu yuleyule anayejibu ujumbe. Akishakijua kipimo hicho, anaweza kuuliza kama sita iko ndani ya mayumbo ya kawaida au imetoka nje. Kipimo chenyewe ndicho kinachoitwa mchepuko sanifu, na mtu mwenye daftari na kalamu anaweza kukipata kwa dakika chache.

Hizi ndizo oda za wiki mbili za duka letu, Jumatatu hadi Ijumaa. Wiki ya kwanza: 9, 14, 7, 11, 8. Wiki ya pili: 12, 6, 10, 15, 8. Jumla ni 100 kwa siku kumi, kwa hiyo wastani ni oda 10 kwa siku.

Sasa kwa kila siku andika imeachana na wastani kwa oda ngapi. Siku ya 9 imepungua 1, siku ya 14 imezidi 4, siku ya 7 imepungua 3, na kuendelea. Huwezi kuzijumlisha tofauti hizo jinsi zilivyo, maana zilizozidi na zilizopungua zitafutana na utabaki na sifuri. Ndiyo maana kila tofauti huzidishwa kwa yenyewe kwanza: 1, 16, 9, 1, 4, halafu 4, 16, 0, 25, 4. Jumla yake ni 80. Igawe kwa 9, yaani idadi ya siku toa moja, kwa kuwa wastani wenyewe tumeukadiria kutoka kwenye siku hizohizo. Unapata 8.89. Kipeuo cha pili cha 8.89 ni 2.98. Kwa maneno mengine, siku ya kazi ya duka hili kwa kawaida huachana na wastani kwa oda kama tatu.

Kwenye kompyuta kazi hiyo ni mistari mitatu. Kompyuta nyingi za Lubumbashi zina Excel ya Kifaransa, na huko fomula zinaandikwa hivi:

```
=MOYENNE(B2:B11)
=ECARTYPE.STANDARD(B2:B11)
=(B12-D1)/D2
```

Mstari wa kwanza na wa pili viweke kwenye seli D1 na D2. Wa tatu unachukua siku unayoipima, iliyo B12, na kukuambia imeachana na wastani kwa michepuko mingapi. Kwenye Excel ya Kiingereza andika `AVERAGE` na `STDEV.S`. Iache ile iitwayo `ECARTYPE.PEARSON`: hiyo inagawa kwa idadi nzima ya siku, na kwa siku chache itakupa kipimo kidogo kuliko inavyotakiwa.

Turudi kwa Jumanne. Oda 6 ni pungufu ya wastani kwa 4, na 4 ukigawa kwa 2.98 unapata mchepuko 1.34. Duka lenye wastani wa oda 10, wateja wakija kila mmoja kwa wakati wake bila kupangana, hupata siku ya oda 6 au pungufu karibu mara moja katika kila siku nane za kazi. Ni jambo la kutarajiwa kila baada ya wiki moja na nusu hivi, bila mtu yeyote kukosea kitu.

Tuseme kijana ametii na kubadilisha picha usiku ule. Angalia daftari: Jumatano oda 10, Alhamisi oda 15. Nani atamwambia mama kwamba picha mpya haikufanya kazi? Lakini namba hizo ndizo zilezile tulizotumia kutafuta mchepuko, na zote zimo ndani ya mayumbo ya kawaida. Baada ya siku ya chini, siku inayofuata mara nyingi itakuwa juu zaidi, kwa sababu tu siku nyingi hukaa karibu na wastani. Ijumaa inashuka hadi 8, na picha mpya nayo inalaumiwa. Mtu anaweza kuzunguka hivyo mwaka mzima, kila Jumanne akivunja, kila Alhamisi akijisifu.

Mzunguko huo una gharama halisi pia. Mfumo wa Meta, wenye Facebook, unapoanza kuonyesha seti ya matangazo hupitia kipindi cha kujifunza, na kwa kawaida huhitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja ndipo utulie. Ukibadilisha picha, walengwa au kuipandisha bajeti kwa kishindo, kipindi hicho huanza upya, na katika kipindi hicho matokeo huyumba zaidi. Anayebadilisha tangazo kila siku ya chini anaongeza mayumbo yaleyale anayoyakimbia.

Kabla ya kwenda mbali, kuna ukaguzi mmoja mdogo ninaoupenda kuliko yote, na ajabu ni kwamba wasimamizi wengi wa matangazo hawaufanyi. Vitu vinavyohesabiwa kimojakimoja, kama oda au ujumbe, vinapotokea kwa bahati bila kutegemeana, mchepuko wake hukaribia kipeuo cha pili cha wastani. Hesabu hii inatokana na kazi ya Mfaransa Siméon Denis Poisson ya mwaka 1837. Wastani wetu ni 10, kipeuo chake ni 3.16, na mchepuko tuliouona ni 2.98. Vinakaribiana. Maana yake mayumbo ya duka hili yanaelezeka yote kwa bahati ya nani kafungua simu saa ngapi, na hakuna sababu iliyojificha ya kuitafuta. Kama mchepuko ungekuwa 6 au 7 kwa wastani huohuo, ningesimama hapo na kuchimba: pengine siku za aina tofauti zimechanganywa, pengine mtu anahesabu taa zilizouzwa badala ya oda, na parokia moja ikinunua taa 40 inaonekana kama wateja 40.

Kuchanganya siku za aina tofauti ndiko kunakoharibu hesabu za watu wengi. Tuongeze Jumamosi na Jumapili za wiki zilezile. Jumamosi watu wako nyumbani na simu mkononi, oda ni 18 na 16. Jumapili mji uko kanisani, oda ni 2 na 4. Siku zote 14 zinatoa jumla ya 140, wastani bado 10, na kwa macho ya haraka hakuna kilichobadilika. Lakini mchepuko umeruka kutoka 2.98 hadi 4.64. Ukiweka mpaka wa chini, yaani namba ambayo siku ikishuka chini yake kengele inalia, kwenye michepuko mitatu chini ya wastani, unapata 10 toa 13.9, yaani namba chini ya sifuri. Kengele hiyo haitalia kamwe upande wa chini. WhatsApp inaweza kufungwa kutwa nzima, oda zikawa sifuri siku ya Jumatano, na jedwali litasema kila kitu kiko sawa.

Kwa siku za kazi peke yake, michepuko mitatu inatoa mipaka ya 1.06 na 18.94. Hapo Jumatano ya oda sifuri au moja inalia. Jumamosi zina wastani wake na Jumapili zina wake, hata kama itabidi kusubiri miezi miwili ili zifike nane. Mji wenyewe utakuambia makundi mengine. Lubumbashi, mwisho wa mwezi mishahara ya migodi ikitoka, siku hizo chache zinaweza kuwa kundi lao peke yake. 30 Juni, sikukuu ya uhuru wa Kongo, haiingii kwenye kundi lolote, iondoe tu.

Kuna jambo dogo linaloharibu siku bila mtu kujua: saa za akaunti. Akaunti ya matangazo hukata siku kwa kufuata ukanda wa saa uliochaguliwa ilipofunguliwa. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, na hiyo ni tofauti ya kuvumilika. Lakini akaunti iliyoachwa kwenye saa za Los Angeles inaanza siku mpya wakati Lubumbashi duka limeshafunguliwa asubuhi, kwa hiyo Jumapili ya akaunti inameza saa za kwanza za Jumatatu ya daftari. Ukilinganisha matumizi ya akaunti na oda za daftari siku kwa siku, utaona visa ambavyo havikutokea.

Sasa, kwa nini michepuko mitatu na si miwili? Namba zinazosambaa kwa umbo la kengele, nyingi katikati na chache pembeni, karibu asilimia 95 hukaa ndani ya michepuko miwili na asilimia 99.7 ndani ya mitatu. Mtu akisikia asilimia 95 huona inatosha. Inatosha ukipima kitu kimoja mara moja. Msimamizi wa matangazo hafanyi hivyo. Tuseme ana kampeni tano, na kwa kila moja anatazama matumizi, ujumbe na oda, kila siku kwa siku 30. Huo ni ukaguzi mara 450. Kwa mpaka wa michepuko miwili, atapata kengele kama 20 kwa mwezi bila tatizo lolote kuwapo. Kwa mitatu, atapata moja hivi. Mtu anayepigiwa kengele 20 za bure kwa mwezi huacha kuzisikiliza, na ile ya 21 iliyo ya kweli inampita.

Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi Western Electric, kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu vya Bell huko Marekani, alichora chati ya kwanza ya aina hii mwaka 1924 kwa ajili ya viwanda, na michepuko mitatu ndiyo aliyoichagua. Aliichagua kwa sababu za kiuchumi zaidi kuliko za kihesabu: kutafuta sababu isiyokuwapo kunagharimu, na kuiacha sababu iliyopo kunagharimu, na mpaka huo ulionekana kusawazisha hasara hizo mbili vizuri. Mimi hutumia michepuko miwili kwa kazi moja tu: kuandika alama ndogo pembeni na kuisubiri kesho. Siku mbili mfululizo nje ya miwili, upande uleule, huhesabu kama siku moja nje ya mitatu.

Mpaka wa juu uufuate kwa ulegevu kidogo. Oda haziwezi kushuka chini ya sifuri lakini zinaweza kupanda bila dari, kwa hiyo siku za juu za bahati tu ni nyingi kuliko umbo la kengele linavyoahidi. Kwa wastani wa 10, siku ya oda 19 au zaidi hutokea kwa bahati karibu mara saba katika siku elfu moja, ilhali siku ya oda 1 au sifuri haifiki hata mara moja katika elfu. Oda 19 ni sababu ya kufurahi, bado si ushahidi.

Swali linalofuata ni siku zipi ziingie kwenye hesabu ya wastani na mchepuko. Jibu la kwanza ni kwamba siku unayoipima isiwemo. Watu huchagua safu nzima ya jedwali hadi leo, wanatafuta wastani na mchepuko, kisha wanaitazama leo kwa kipimo ambacho leo yenyewe imesaidia kukitengeneza. Kwa siku kumi, ukifanya hivyo, hakuna siku inayoweza kuvuka michepuko 2.85. Haiwezekani kihesabu, hata kama siku hiyo duka liliuza oda elfu moja, kwa sababu siku hiyo inauvuta wastani kwake na kuupanua mchepuko kwa wakati mmoja.

Tuone kwa namba zetu. Siku ya kumi na moja mishahara imetoka, duka limepunguza bei, oda ni 42. Ukiipima kwa siku kumi za kabla yake, imezidi wastani kwa 32, karibu michepuko 11. Ukiitumbukiza ndani, wastani unakuwa 12.9, mchepuko unakuwa 10.05, mpaka wa juu unafika 43, na oda 42 zinatangazwa kuwa siku ya kawaida. Ubaya hauishii hapo. Kwa muda wote siku hiyo itakapokaa kwenye jedwali, mpaka wa chini utakuwa chini ya sifuri, na kengele imekufa.

Kwa hiyo siku ambayo sababu yake inajulikana, kama siku ya punguzo, siku intaneti ilipokatika mji mzima, siku kadi ilipokataliwa, andika sababu hiyo kwenye safu ya pembeni na uitoe kwenye msingi, yaani zile siku unazotafutia wastani na mchepuko. Usitoe siku kwa sababu tu ni mbaya. Ukianza kuondoa kila siku isiyokupendeza, mchepuko utapungua, mipaka itabana, na siku za kawaida zitaanza kulia. Sheria yangu ni rahisi: siku isiyo na sababu iliyoandikwa inabaki ndani.

Siku kumi nilizotumia hapa ni za kukufundishia mkono. Kwa siku kumi, mchepuko unaoupata unaweza kupotea kwa karibu robo yake, huku au kule; ule 2.98 kwa kweli unaweza kuwa 2.3 au 3.7. Kwa siku 20 upotevu unakaribia asilimia 16. Wiki nne hadi sita za siku za kazi ni kiasi kizuri. Kwenda miezi mitano nyuma si lazima kuwe bora, kwani bei, msimu na washindani wamebadilika.

Mambo hubadilika duka likiwa dogo zaidi. Tuseme kuna bidhaa, betri kubwa ya nyumba, inayopata oda 2 kwa siku. Kipeuo cha 2 ni 1.41, na michepuko mitatu chini ya 2 iko mbali chini ya sifuri. Siku ya oda sifuri hutokea kwa bahati karibu mara moja kwa wiki. Hakuna mpaka wa siku utakaokusaidia hapo, na anayekuonyesha kengele ya kila siku kwa bidhaa ya namna hiyo anakuuzia kelele. Unahesabu kwa wiki: wastani 14, kipeuo 3.74, mipaka karibu 3 na 25. Au unahesabu siku za sifuri zinazofuatana. Siku moja ya sifuri si kitu. Tatu mfululizo, kwa wastani wa oda 2, hutokea kwa bahati mara moja kati ya 400, na hapo ni halali kunyanyua simu.

Matumizi ya pesa ni mnyama mwingine kabisa. Oda huamuliwa na wateja. Matumizi huamuliwa na bajeti uliyoiweka, kwa hiyo huyumba kidogo sana. Tuseme wastani ni dola 20 na mchepuko ni senti 80. Siku ya dola 23 iko michepuko 3.75 juu, nje kabisa ya mpaka, na kilichopotea ni dola 3. Kengele ya kweli kihesabu, ya kipuuzi kibiashara. Hapa ninaweka mlango wa pili: siku iwe nje ya michepuko mitatu, na pia tofauti ifike dola 5.

Hata hivyo, upande wa juu ujue kanuni za mfumo kwanza. Meta yenyewe inajiruhusu kuvuka bajeti ya siku kwa hadi asilimia 75 katika baadhi ya siku, ila kwa wiki, kuanzia Jumapili hadi Jumamosi, haipiti bajeti ya siku mara saba. Kwa bajeti ya dola 20, siku ya dola 33 inaweza kuwa mfumo ukifanya ulivyoahidi. Kinachopaswa kukushtua ni jumla ya wiki ikipita dola 140. Google nayo inaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku, na hujizuia kwa mwezi, si kwa siku. Upande wa chini ndiko kuliko na faida zaidi, na hapo siku moja inatosha. Dola 6 badala ya 20 karibu kila mara ina sababu ya kushikika: kadi ya malipo ya kabla imeisha pesa, benki imekataa, au tangazo limekataliwa likisubiri kukaguliwa.

Kuna anayependa kupima gharama kwa kila oda, yaani matumizi yakigawanywa kwa oda. Kama kengele ya kila siku ninaikwepa. Matumizi yakiwa hayasogei, namba hiyo ni oda zilezile zilizopinduliwa, dola 1.67 Jumatatu na dola 3.33 Jumanne, inatisha zaidi bila kuongeza habari. Siku ya oda sifuri haihesabiki kabisa. Iache kwa ripoti ya mwezi.

Sasa siku iliyolia kweli. Wiki ya tatu, Alhamisi, oda 1. Michepuko mitatu chini ya wastani, na msingi umejengwa vizuri. Kijana hagusi tangazo. Anafuata njia ya mteja kuanzia mwanzo. Matumizi ya siku hiyo ni dola 20.10, kwa hiyo tangazo lilionekana. Ujumbe ulioingia WhatsApp ni 46, na kwa kawaida huingia 50 hivi. Kipeuo cha 50 ni kama 7, kwa hiyo 46 ni kawaida tupu. Watu wamekuja, wamegonga mlango, hawakununua. Tatizo liko baada ya ujumbe, na picha ya tangazo haiwezi kuwa chanzo.

Anasoma mazungumzo kumi ya siku hiyo. Kwenye saba jibu ni lilelile: taa ile ya kwenye picha imeisha, mzigo bado uko Kasumbalesa, unataka ile kubwa? Mteja ananyamaza. Hakuna cha kurekebisha kwenye tangazo, kuna cha kulisimamisha hadi mzigo uvuke mpaka, au kuweka tangazo la ile taa kubwa iliyopo dukani. Alhamisi hiyo inaandikwa "taa imeisha" kwenye safu ya pembeni na kutolewa kwenye msingi. Kama ujumbe ungekuwa 12 badala ya 46, angerudi kwenye tangazo lenyewe, na kama matumizi yangekuwa dola 4, asingesoma hata ujumbe mmoja kabla ya kuangalia kadi.

Mipaka hii ya michepuko mitatu, juu na chini, inashika mshtuko wa ghafla. Haishiki duka linaloteremka polepole. Wastani ukishuka kutoka 10 hadi 7, siku nyingi zitaendelea kuwa kati ya 2 na 18, na hakuna kitakacholia kwa wiki kadhaa. Kwa hilo kuna kanuni ya zamani ya viwandani: siku nane mfululizo upande mmoja wa wastani. Kwa bahati tupu kila siku ina nafasi karibu nusu kuwa chini, na nusu nane zikizidishwa pamoja ni moja kati ya 256. Siku iliyoangukia juu ya wastani wenyewe, oda 10 kamili, haihesabiwi upande wowote. Ukiona nane za chini, wala moja haikuvuka mpaka, bado kuna kitu kimebadilika, na mara nyingi ni kikubwa: mshindani mpya, picha iliyochoka, bei ya dola iliyopanda dhidi ya franka.

Na mabadiliko uliyoyafanya mwenyewe kwa makusudi, picha mpya iliyopangwa au bajeti mpya, yanaanzisha msingi mpya kuanzia tarehe hiyo. Usichanganye siku za kabla na za baada. Kwa kuwa hutakuwa na siku 20 za kutosha, kwa wiki hizo za mwanzo tumia kipeuo cha wastani badala ya mchepuko. Siku sita za kwanza zikitoa wastani wa oda 13, kipeuo ni 3.6, na mipaka ya muda ni oda 2 na oda 24, hadi siku za kazi zifike 20 na mchepuko wa kweli uhesabiwe.